Ujumbe mtupu, herufi moja na nafasi pekee: uzuie kwenye kisanduku, ujibu kwenye seva, au uiachie modeli?

Chukua SACCOS ya wafanyakazi inayotaka kufungua huduma ya kuchati kwa wanachama wake. Mwanachama ataingia kupitia tovuti au WhatsApp na kukutana na menyu: 1 salio la akiba, 2 kuomba mkopo, 3 marejesho, 4 kuongea na mhudumu, 0 kurudi mwanzo. Akiwa na swali lisilo kwenye menyu ataliandika kwa maneno yake, na modeli ya lugha itamjibu kwa kufuata kanuni za chama. Timu imeshaupima mfumo kwa maswali ya kweli na majibu yanaridhisha. Kabla ya kuzindua yamebaki majaribio ambayo wengi huyaruka kwa kuona hayana kitu ndani yake: mwanachama akituma ujumbe usio na chochote, akituma herufi moja tu, au akituma nafasi na mistari mipya bila neno hata moja, mfumo utafanya nini?

Kuna mahali patatu pa kulishughulikia jambo hili. Unaweza kulizuia kwenye kisanduku cha kuandikia, ujumbe usitoke kabisa. Unaweza kuliacha lifike kwenye seva, nayo ijibu kwa maneno yaliyoandaliwa bila kuigusa modeli. Au unaweza kuipelekea modeli kila kinachoingia, ukiamini kwamba itajua la kusema. Timu nyingi huchagua mahali pamoja tu pa kuyashughulikia maingizo yote matatu. Ninavyoona mimi, kosa linaanzia hapo, kwa sababu ujumbe mtupu na ujumbe wa herufi moja vinafanana kwa urefu tu. Wa kwanza hauna maana yoyote, wa pili mara nyingi ndio wenye maana nzito kuliko yote kwenye mazungumzo: «N» inayokubali mkopo, «0» inayorudisha mwanzo, «?» inayosema sijaelewa.

Vinatoka wapi

Ujumbe mtupu hautumwi na wachokozi peke yao. Mtu anagusa kitufe cha kutuma mara mbili: mguso wa kwanza unatuma neno, kisanduku kinasafishwa, wa pili unatuma utupu. Mwingine anaandika kwa sauti, simu haisikii kitu, maandishi yanarudi matupu. Kibodi za simu zina tabia ya kuongeza nafasi baada ya neno lililopendekezwa, kwa hiyo «Ndiyo» inafika kama «Ndiyo » na «1» inaweza kufika kama «1 ». Na kwenye mtandao wa polepole, mtu aliyesubiri jibu hutuma nukta au alama ya kuuliza kuona kama upande wa pili kuna uhai.

Kuna pia utupu ambao si utupu. WhatsApp inapokuletea picha isiyo na maelezo, ujumbe unafika na aina yake ni `image`, na sehemu ya maandishi haipo. Mwanachama aliyepiga picha hati yake ya mshahara amekutumia kitu kikubwa, lakini programu inayotazama maandishi peke yake itamwambia hajaandika. Na kama siku moja mtaongeza njia ya USSD kupitia Africa's Talking, kumbukeni kwamba ombi la kwanza la kila kikao huja na `text` ikiwa tupu. Pale utupu maana yake ni «nionyeshe menyu», na ukiukataa huduma nzima haifunguki. Kwa hiyo swali la kwanza la mpimaji ni hili: kwenye njia hii, ujumbe huu umekosa maandishi tu, au umekosa kila kitu?

Chaguo la kwanza: kuzuia kwenye kisanduku

Hili ndilo rahisi kuliko yote. Kitufe cha kutuma kinabaki kimezimwa mpaka pawe na maandishi au kiambatisho. Mtumiaji anaona papo hapo, hakuna safari ya mtandao, hakuna gharama. Kwa mguso wa mara mbili ndiyo tiba hasa, maana kosa linakufa kabla halijazaliwa.

Udhaifu wake ni kwamba kisanduku ni chako kwenye tovuti tu. Kwenye WhatsApp kisanduku si chako, na mtu anayeita seva yenu moja kwa moja hapiti kwenye kisanduku chochote. Hata kwenye tovuti yenyewe, jaribu kubonyeza Enter badala ya kugusa kitufe. Mara kadhaa nimekuta kitufe kimezimwa vizuri lakini Enter inatuma, kwa sababu sharti liliwekwa kwenye kitufe na si kwenye kitendo cha kutuma. Jaribu pia kuambatisha picha bila maneno, uone kama kitufe kinafunguka. Kisipofunguka, umemfungia nje mwenye hati ya mshahara.

Na kuna mtumiaji asiyeona. Kitufe chenye `disabled` hakifikiki kwa kitufe cha Tab, hivyo anayetumia programu ya kusoma skrini na kusogea kwa Tab anakiruka kana kwamba hakipo. Afadhali `aria-disabled="true"`, kitufe kifikike, na kikibonyezwa kabla ya kuandika kisome «Andika ujumbe kwanza».

Kwa herufi moja chaguo hili halina msaada wowote, na linaweza kudhuru. Aliyeweka sharti la «angalau herufi mbili» ili kuzuia uchafu amezuia menyu nzima.

Chaguo la pili: jibu la seva

Hapa ujumbe unafika, seva inaupima, na ukiwa mtupu inajibu yenyewe kwa maneno yaliyokwisha kuandikwa. Faida yake kubwa ni kwamba njia zote zinapita hapa, kwa hiyo ukiamua mara moja umeamua kwa tovuti, kwa WhatsApp na kwa njia itakayoongezwa kesho. Jibu ni lile lile kila mara, na kinachojibu vile vile kila mara hupimika.

Kazi iko kwenye kuamua utupu ni nini. Wengi hupunguza nafasi za mwanzo na mwisho kisha hutazama kama kimebaki kitu. Tatizo ni kwamba lugha za programu hazikubaliani kuhusu nafasi. `trim()` ya JavaScript huondoa nafasi ya kawaida, mstari mpya, nafasi isiyokatika `U+00A0` na hata `U+FEFF`. `strip()` ya Python huondoa `U+00A0` lakini huiacha `U+FEFF`. `trim()` ya PHP, isipoelekezwa vingine, haiigusi hata `U+00A0`. Na zote tatu huiacha `U+200B`, nafasi isiyo na upana, kwa sababu Unicode yenyewe haiihesabu kuwa nafasi. Maana yake kisanduku kinaweza kusema ujumbe ni mtupu na seva ikasema una herufi moja, kuhusu ujumbe ule ule.

Mbaya zaidi ni `U+3164` na `U+2800`. Ya kwanza ni kijazio cha maandishi ya Kikorea, na Unicode inaiweka katika kundi la herufi. Ya pili ni nukta nundu isiyo na nukta hata moja, na iko katika kundi la alama. Zote hazionekani kwenye skrini, na hizi ndizo ambazo watu hunakili wanapotaka kutuma ujumbe usioonekana. Hakuna upunguzaji wa kawaida wa nafasi unaoziondoa.

Kipimo kifuatacho kinatosha kwa mfumo kama wa SACCOS yetu:

```python
import unicodedata

FICHO = {"\u2800", "\u3164", "\u115f", "\u1160", "\uffa0"}

def ni_tupu(ujumbe):
    for h in ujumbe:
        if h.isspace() or h in FICHO:
            continue
        if unicodedata.category(h) in ("Cf", "Cc"):
            continue
        return False
    return True
```

Kinachofanywa hapa ni kuuliza tu kama kuna chochote kinachoonekana. Ujumbe wenyewe haubadilishwi, na hilo ni la makusudi. Katika kundi la `Cf` yumo `U+200D`, kiunganishi kinachoshikamanisha emoji za familia na za kazi. Ukikifuta ndani ya ujumbe, emoji moja inavunjika kuwa watu watatu waliosimama mbalimbali. Pima utupu kwa kutazama, usisafishe kwa kufuta.

Kipimo hiki hakishughulikii sehemu ya maandishi isiyokuwepo kabisa, au iliyokuja kama `null`. Hizo zishughulikiwe kabla ya kufika hapa, vinginevyo Python itaanguka kwa kosa na mwanachama ataona skrini ya hitilafu.

Udhaifu wa chaguo la pili ni ukavu. Seva isiyojua mazungumzo yamefika wapi itajibu «Tafadhali andika ujumbe» hata kwa mtu aliyebakiza hatua moja kumaliza maombi ya mkopo. Dawa yake ni jibu kuchukua swali linalosubiri, na nitalionyesha mbele.

Chaguo la tatu: kuiachia modeli

Kinachovutia hapa ni kwamba modeli huona muktadha. Mwanachama akishaelezwa riba kisha akatuma «?», modeli nzuri itaelewa kwamba maelezo hayakueleweka na itayasema kwa njia nyepesi. Seva yenye majibu ya kudumu haiwezi hilo. Kwa herufi moja inayokuja katikati ya mazungumzo huru, hili ndilo chaguo bora.

Kwa ujumbe mtupu ndilo baya kuliko yote. Modeli imefundishwa kujibu, na isipopewa swali inaweza kulitunga. Itarudia jibu lililopita, au itaanza kueleza masharti ya mkopo ambayo hakuna aliyeyauliza, au itasema «Karibu! Nikusaidie nini leo?» kwa mtu aliyekuwa katikati ya kutaja kiasi. Ukirudia jaribio lile lile utapata jibu lingine, kwa hiyo kulipima mara moja hakukuambii kitu. Mimi hurudia kila ingizo angalau mara 20 kwenye hatua ile ile kabla sijasema lolote kuhusu modeli.

Kuna madhara yasiyoonekana kwenye skrini pia. Kama modeli ina zana ya kutafuta wanachama, na zana hiyo inatumia `LIKE` ya SQL ikizungushia neno alama za asilimia, neno likiwa tupu sharti linakuwa `LIKE '%%'`, nalo linalingana na kila safu yenye jina. Nafasi moja italingana na kila jina lenye nafasi ndani yake, yaani karibu majina yote. Utupu ulioingia kwa bahati mbaya unaweza kutoka upande wa pili ukiwa orodha ya wanachama.

Na kuna hitilafu moja ambayo ningependa kila mpimaji aijue, kwa kuwa jaribio la kawaida haliioni. Baadhi ya API za modeli hukataa ujumbe mtupu au wenye nafasi pekee kwa kosa la `400`. Seva ikiwa imeshauhifadhi ujumbe huo kwenye historia ya mazungumzo, itaonyesha «Samahani, jaribu tena», na mpimaji ataridhika kwamba mfumo umestahimili. Sasa mwanachama anaandika «Nataka kujua salio langu». Seva inakusanya historia nzima, utupu ukiwemo, inaituma, na inakataliwa tena. Kila atakachoandika baada ya hapo kitakataliwa, kwa sababu tatizo haliko kwenye ujumbe mpya, liko nyuma yake. Mazungumzo yamekufa na atakayeyafufua ni mtu wa ufundi. Hali hiyo hiyo hutokea modeli yenyewe ikirudisha jibu tupu nalo likahifadhiwa.

Ndiyo maana jaribio la utupu lina hatua mbili daima: tuma utupu, kisha tuma ujumbe mzuri, uone kama wa pili unajibiwa. Anayefanya hatua ya kwanza peke yake amepima nusu, na nusu iliyo rahisi.

Yakiwekwa kando kwa kando

| | Kisanduku | Seva | Modeli |
|---|---|---|---|
| Ujumbe mtupu | Nzuri kwenye tovuti, haipo WhatsApp | Lazima iwepo | Usipelekwe |
| Nafasi na mistari mipya pekee | Sawa na mtupu, ila maana ya nafasi isipingane na ya seva | Lazima, kwa kipimo kimoja | Usipelekwe |
| Herufi zisizoonekana | Kwa kawaida inazipitisha | Inaziona ukiziorodhesha | Haitabiriki |
| Herufi moja, swali la menyu au la ndiyo na hapana linasubiri | Ipite | Iamuliwe hapa | Isiamue |
| Herufi moja, mazungumzo huru | Ipite | Ipitishe | Ndipo mahali pake |
| Gharama ya kila ujumbe | Hakuna | Ndogo sana | Mwito kamili pamoja na historia yote |

Ukisoma jedwali hili utaona seva haikwepeki kwenye chaguo lolote. Kama muda unatosha kujenga sehemu moja tu kabla ya uzinduzi, jenga seva. Kisanduku ni nyongeza ya hisani kwa mtumiaji wa tovuti. Modeli ipewe herufi moja pale tu ambapo hakuna swali mahsusi linalosubiri, na ipewe pamoja na maelezo ya hatua iliyofikiwa.

Tabia njema kwa utupu

Mwanachama amechagua 2, ameambiwa «Unaomba shilingi ngapi?», na badala ya kiasi inafika nafasi tatu. Kwanza tutazame inavyoharibika. Kwenye JavaScript, `Number("   ")` ni `0`. Haisemi hilo si tarakimu, inatoa sifuri kamili. Mfumo uliogeuza kwanza na kukagua baadaye utaandikisha ombi la mkopo wa shilingi 0, au utaichukua sifuri kuwa «kurudi mwanzo» na kufuta alichokwisha kujaza. Python kwenye `int("   ")` hugoma kwa kosa, na hilo ni afadhali kwa sababu linaonekana. PHP ina mtego wa upande mwingine: `empty("0")` hurudisha kweli, kwa hiyo mwanachama aliyeandika 0 kwa makusudi ili arudi mwanzo anaambiwa hajaandika kitu.

Mfumo mzuri hukaa pale pale. Hausogei mbele, haurudi nyuma, haufuti, na hauwekei utupu maana. Unajibu hivi:

«Ujumbe wako umefika bila maandishi. Tulikuwa kwenye kiasi cha mkopo: unaomba shilingi ngapi?»

Utupu wa pili usipate maneno yale yale, maana mtu aliyeshindwa kuelewa mara ya kwanza hatasaidiwa na kurudiwa. Apewe mfano: «Bado sijaona maandishi. Andika kiasi kwa tarakimu, mfano 500000.» Wa tatu apewe njia ya kutoka: «Ukipenda kuongea na mtu, andika MHUDUMU. Ulichojaza kimehifadhiwa.» Baada ya hapo mfumo unyamaze hadi yafike maandishi ya kweli. Kunyamaza huko kuna sababu ya kiufundi: simu au programu ya upande wa pili inayojijibu yenyewe inaweza kurudisha utupu kila ikipokea jibu, na mifumo miwili itajibizana usiku kucha.

Angalia kwamba nimeandika MHUDUMU badala ya 4. Kwenye hatua ya kiasi, 4 ni tarakimu kama nyingine, na mfumo hauwezi kujua kama mtu anaomba shilingi nne au anamtaka mhudumu. Kama jibu lenu la utupu linamwelekeza mtu aandike herufi ambayo kwenye hatua hiyo ina maana nyingine, mmemtoa shimoni mkamtia kwenye handaki. Kwa 4 iliyokuja bila kuelekezwa, chama kina kiwango cha chini cha mkopo, na 4 iko chini yake, kwa hiyo mfumo uulize: «Kiasi hicho kiko chini ya kiwango cha chini. Andika kiasi kingine, au MHUDUMU kuongea na mtu.»

Tabia njema kwa herufi moja

Hatua ngumu kuliko zote ni ya uthibitisho: «Unathibitisha ombi la shilingi 500,000 kwa miezi 6? Jibu N kwa ndiyo, H kwa hapana.» Hapa herufi moja inabeba deni la nusu mwaka.

Anza kwa kusoma msimbo kabla ya kupima. Ukikuta sharti lililoandikwa kinyume, yaani `if jibu != "H"` kisha ombi linathibitishwa, umeshapata kasoro: utupu, nukta, alama ya kuuliza na kila kitu kisicho H vinakuwa ndiyo. Idhini itafutwe kwa kuorodhesha yanayokubalika, na yaliyobaki yote yaulizwe upya.

Kisha angalia nani anaisoma hiyo N. Kama uamuzi umeachiwa modeli, au maktaba iliyotengenezwa kwa Kiingereza, «n» huko ni kifupi cha kukataa. Mwanachama amesema ndiyo, mfumo umesikia hapana, na hakuna kosa lolote litakaloandikwa kwenye kumbukumbu za seva kwa sababu kila kitu kimefanya kazi. Hili pekee linatosha kuzuia modeli isiguse hatua ya uthibitisho. Kwa maoni yangu hatua inayohusu fedha ingetaka neno zima, NDIYO au HAPANA, na herufi moja ibaki kwa menyu. Wanachama wataandika herufi nne au tano zaidi, na hakuna atakayekopeshwa kwa kidole kilichoteleza.

Lakini kama chama kimeshaamua N na H, basi haya ndiyo ya kutarajia. N, n na «N » yenye nafasi mwishoni zote ni ndiyo. H na h ni hapana. «k», ambayo wengi huituma kwa maana ya «sawa», isikubaliwe hapa: iulizwe upya kwa upole. Kidole gumba vivyo hivyo, hata kama kwenye mazungumzo huru kinaeleweka kabisa. «?» isijibiwe kama kosa. Mtu huyo anataka kuelewa kabla ya kusaini, kwa hiyo aelezwe tena kiasi, muda na rejesho la kila mwezi, kisha swali. Nukta ni kubisha hodi: kama mfumo bado unashughulikia jambo, useme hivyo, kama unasubiri jibu lake, urudie swali kwa ufupi.

Kwa kidole gumba kuna jambo la urefu. Kidole chenye rangi ya ngozi, 👍🏾, ni alama moja machoni pa mtu. Python inakihesabu 2, kwa maana kina alama mbili za Unicode, na JavaScript inakihesabu 4. Wakati huo huo `U+200B`, ambayo hakuna anayeiona, ina urefu wa 1 kwenye zote mbili. Kwa hiyo sharti linalotegemea `len` au `length` litakiita kidole gumba ujumbe mrefu na litauita utupu herufi. Usitumie urefu kuamua. Linganisha na orodha ya majibu yanayotarajiwa kwenye hatua hiyo.

Na tarakimu. Mwanachama aliye Muscat anayetumia kibodi ya Kiarabu anaweza kutuma «١» akikusudia 1. Python, `int("١")`, inatoa 1 bila shida. JavaScript, `Number("١")`, inatoa `NaN`. Kama tovuti inakagua kwa JavaScript na WhatsApp inapita kwenye Python, mwanachama mmoja atakubaliwa kwenye simu na kukataliwa kwenye kompyuta. Amueni mahali pamoja, kwenye seva, na mkubali.

Kulipima lote

Orodha za kuanzia si ndefu:

```python
TUPU = ["", " ", "\n\n", "\t", "\u00a0",
        "\u200b", "\ufeff", "\u3164", "\u2800"]
HERUFI = ["1", "0", "4", "N", "n", "N ", "H",
          "k", "?", ".", "١", "👍🏾"]
```

Kila kimoja kipitishwe kwenye hatua nne: mwanzo kabisa wa mazungumzo, kwenye hatua ya kiasi, kwenye uthibitisho, na mara baada ya jibu refu la modeli. Kila utupu ufuatiwe na ujumbe mzuri. Kwa TUPU tazama sehemu tatu, maana skrini peke yake hudanganya. Kwenye skrini, swali linalosubiri limerudiwa. Kwenye hifadhidata, hatua ya mazungumzo haijabadilika na utupu haujaingia kwenye historia inayopelekwa kwa modeli. Kwenye hesabu ya miito ya modeli, namba haijapanda hata kwa mmoja mpaka ufike ule ujumbe mzuri. Hii ya mwisho ndiyo inayofichua mfumo unaojibu vizuri kwa bahati: maneno ni sahihi, kumbe modeli imeitwa na leo imebahatisha.

Kwa HERUFI, andika kabla ya kupima jibu unalolitarajia kwenye kila hatua. Timu ikishindwa kukubaliana «0» ifanye nini kwenye hatua ya kiasi, hilo ni jambo la kuamuliwa na wahusika wa chama, wala si kasoro ya mfumo, na ni heri liibuke sasa.

Mkishazindua, utupu utaendelea kuja kwa njia ambazo hamkuziorodhesha. Mtu wa ufundi akifungua kumbukumbu za seva na kukuta mstari uliokaa bila kitu, hatajua ilikuwa nafasi ya kawaida, kijazio cha Kikorea au sehemu ya maandishi iliyokosekana. Kwa hiyo kila ujumbe uliohukumiwa kuwa mtupu uandikwe kwa namba za alama zake, mfano `U+200B U+200B`, pamoja na njia uliyopitia na hatua ya mazungumzo. Ikionekana namba ambayo `ni_tupu` haikuikamata ikafika hadi kwa modeli, iongezwe kwenye FICHO na kwenye orodha ya TUPU siku hiyo hiyo.